Mtoto Akiuliza Kama Itauma

Nianze na swali lenyewe kama nilivyoulizwa mimi. Mtoto wa kiume wa miaka 4 amekaa kwenye kiti cha meno, miguu yake haifiki hata nusu ya kiti. Ameufumba mdomo. Anakutazama machoni, kisha anaufungua kidogo tu, si ili umtibu bali ili akuulize: "Itauma?" Wewe una sindano ya ganzi mkononi, umeificha nyuma ya paja lako. Utamjibu nini?

Mimi nilijibu: "Hata kidogo."

Nasoma udaktari wa meno, mwaka wa tano, na Jumamosi humsaidia daktari mmoja katika kliniki ndogo ya ghorofani huku Bugolobi. Watoto wanaoletwa wanatoka kwenye majumba ya Bugolobi Flats, na wengine wanapanda boda kutoka Kitintale. Daktari huyo ni mama mtu mzima, ameshika meno ya watoto kwa miaka mingi, na sote tunamwita Dokta tu. Siku ile alikuwa amesimama kando yangu akinisimamia. Aliposikia jibu langu hakusema kitu.

Sindano iliingia, mtoto akahisi, akageuza kichwa kwa nguvu. Mama yake na muuguzi wakamshika. Jino likatoka, damu ikakauka, mama akashukuru, nami nikaona kazi imekwisha salama. Juma lililofuata alirudishwa kwa jino la pili. Hakuupita mlango. Alikamata ubao wa mlango kwa mikono miwili, na nilipomsogelea na kioo cha mdomo tu, kitu kisichochoma wala kukata, alisema kwa Kiganda maneno ambayo tafsiri yake ni: "Wewe ni mwongo." Mama yake aliona aibu, akataka kumpiga. Nikamzuia, maana mtoto hakuwa amekosea.

Katika faili za watoto tunaandika namba kutoka kipimo cha Frankl, alichokitoa yeye na wenzake mwaka 1962. Kina ngazi 4. Ya kwanza ni mtoto anayekataa kabisa, analia kwa nguvu na kupigana. Ya pili ni anayekataa bila kupigana sana. Ya tatu ni anayekubali kwa tahadhari, na ya nne ni anayefurahia. Siku ya kwanza Dokta alikuwa amemwandikia yule mtoto 3. Siku ya pili aliandika 1, akanigeuzia faili niione, akaniambia, "Hii umeiandika wewe."

Swahiba wangu wa chumbani, anayesoma sheria, alinitetea kuliko nilivyojitetea mwenyewe. Kwake uongo umekatazwa kwa sababu ya madhara yake, na wanazuoni wameruhusu neno lisilo kweli pale linapopatanisha waliogombana. Jino lililooza ni madhara, mtoto hana akili ya kupima faida na hasara, basi neno moja la kumtuliza ni rehema. Wazazi wetu walitufanyia hivyo na hatukufa. Nani kati yetu hakuambiwa "njoo nikupe kitu" akaishia kunyweshwa kwinini?

Jibu la haraka ni kwamba uongo huo hufanya kazi mara moja tu. Mtoto ana meno 20 ya utoto, na anayekuja na jino moja bovu mara nyingi anayo mengine yanayofuata. Deni la siku ya kwanza litalipwa na daktari wa siku ya pili, au na mtoto mwenyewe atakapokuwa mtu mzima anayekaa na jino linalouma miezi sita kwa sababu anaogopa kiti. Nimewaona watu hao, na baadhi yao ni wanachuo wenzetu.

Hata hivyo jibu hilo halikuniridhisha, kwa sababu ni hoja ya mfanyabiashara: usidanganye, utapoteza mteja. Je, kama uongo wangu ungefaulu? Kama mtoto asingehisi kitu, na asingerudi tena maishani? Hapo nilikumbuka kisa kilichopokewa na Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amir. Alipokuwa mtoto, mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwapo nyumbani kwao. Akamwuliza mama yule alikusudia kumpa nini. Akasema, tende. Akaambiwa kwamba kama asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Mimi si sheikh, nasoma meno, lakini angalia kisa kilivyo. Hakuna aliyeumia. Mama alikuwa anamwita mwanawe tu, jambo jema kabisa, na bado neno lake kwa mtoto lilihesabiwa kuwa neno.

Nikitafuta sababu kwa akili yangu naiona hivi. Mtu mzima akiniuliza kama itauma, anaweza kwenda kumwuliza mwingine, anaweza kusoma, anaweza kuondoka. Mtoto hakuchagua kuja, hawezi kushuka kwenye kiti, na hana njia ya kuyakagua maneno yangu isipokuwa kwa mwili wake mwenyewe. Ridhaa ya matibabu ameitoa mzazi. Kitu pekee alichobaki nacho ndani ya chumba kile ni kwamba ninachomwambia ndicho kitakachotokea. Nikikichukua hicho nacho, sijui nimemwachia nini.

Ndipo nikaelewa kwa nini Dokta ameshikilia sana njia ambayo mimi nilikuwa nimeikariri kwa ajili ya mtihani tu. Ni njia ya sema, onyesha, tenda, iliyoelezwa na Addelston mwaka 1959 na ambayo bado ndiyo msingi wa kuwaongoza watoto waoga. Unamwambia mtoto kitakachofanyika kwa maneno anayoyajua. Unamwonyesha kwa chombo chenyewe, kwenye kucha yake au kwenye mdoli. Kisha unafanya, bila kuchelewa na bila kuongeza hata hatua moja ambayo hukuisema. Wanafunzi wengi tunadhani uzito uko kwenye maneno matamu ya mwanzo. Dokta anasema uko kwenye tendo la mwisho, kwa sababu hapo ndipo mtoto anapolinganisha, na akikuta kila kilichosemwa kimekuwa kweli mara tatu au nne kwa mambo madogo, anaanza kukuamini kwa kubwa.

Nitaeleza jinsi nilivyoiona kwa binti mmoja. Nitamwita Kadogo, si jina lake. Alikuwa na miaka 5 na kilo 16. Aliletwa na jaja yake, bibi wa gomesi na kilemba, ambaye alikuwa amemwambia wanakwenda soko la Bugolobi kununua mandazi. Kwa hiyo alipoona kiti alijua ameshadanganywa mara moja kabla sisi hatujafungua mdomo. Zaidi ya hapo, alikwisha kung'olewa jino mahali pengine baada ya kuambiwa "naangalia tu". Alijifunika kwa gomesi ya jaja na kupiga kelele. Frankl 1.

Jaja alieleza kwamba jino la chini kushoto linamsumbua akila, usiku analala. Hapakuwa na homa wala uvimbe usoni. Hilo ni muhimu sana, kwa sababu ndilo lililotupa ruhusa ya kutomtibu siku hiyo. Dokta alimpa jaja maelekezo ya parasetamoli ya maji, miligramu 15 kwa kila kilo, yaani miligramu 240 kwa Kadogo, ambazo ni mililita 10 za ile dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5. Kisha akaniambia nikae na mtoto, kazi yangu ikiwa ni kuhesabu meno na si zaidi.

Sikumweka kwenye kiti. Nilikaa chini kwenye zulia, nikampa kioo cha mdomo ashike mwenyewe. Nikamwambia: "Hiki ni kioo chenye mkono mrefu. Nitahesabu vidole vyako kwacho, halafu nitahesabu meno, halafu nitakirudisha mezani." Tukahesabu vidole. Tukahesabu meno, akiwa mapajani kwa jaja. Nikakirudisha mezani mbele ya macho yake. Halafu nikamwonyesha kikombe laini cha mpira kinachozunguka, kile cha kusafishia meno, kwanza kwenye ukucha wangu, kisha kwenye wake.

Hapo ndipo Dokta alipoingilia kwa jambo ambalo sikulipata katika kitabu kwa namna hiyo. Alimwambia Kadogo: "Ukitaka asimame, inua mkono wa kushoto. Mjaribu." Kadogo akainua mkono nikiwa bado kwenye ukucha. Nikasimamisha. Akaushusha, nikaendelea. Akauinua tena papo hapo, akinitazama usoni, na mara ya tatu akauinua kwa kunitania. Kila mara nilisimama. Alama ya mkono hutajwa na wengi, lakini wengi huitaja tu kwa mtoto kisha katikati ya kazi wanamwambia "subiri kidogo, namalizia". Ukiitoa alama hiyo bila kuiheshimu umefanya vibaya kuliko ambaye hakuitoa. Na kuijaribu kwanza mahali pasipouma ndiko kunakomfanya mtoto ajue si maneno. Tulisafisha meno mawili, akaenda zake. Dokta aliandika 2. Nilisikia kama siku nzima imepotea kwa meno mawili yaliyosafishwa, akanijibu kwamba juma lijalo tutajua kama imepotea.

Juma lililofuata ilikuwa siku ya sindano. Jino lilikuwa limebaki mizizi tu, haliwezi kuzibwa.

Sasa hapa pana ugumu ambao walimu wa njia hii hawaufichi: sindano huwezi kuionyesha kwenye ukucha. Wengi huiweka nje ya macho ya mtoto, hata Dokta hufanya hivyo. Je, huo si udanganyifu uleule wa kuificha nyuma ya paja? Nilimwuliza kabla mtoto hajaingia. Alisema kutomwonyesha mtoto kitu si sawa na kumkanushia. Haiweki machoni kwa sababu macho huikuza. Lakini mtoto akiuliza kama ni sindano, jibu ni ndiyo, na akitaka kuiona ataiona, ikiwa na kifuniko chake.

Alimwambia Kadogo hivi, nami nilikuwa nashika pamba: "Jino hili limechoka, nitalitoa. Kwanza nitalilaza. Nitapaka dawa yenye ladha ya ndizi hapa kwenye ufizi, tutahesabu mpaka mia moja. Halafu nitaweka maji ya usingizi. Utasikia kufinywa, kama hivi." Akamfinya kidogo kwenye ngozi ya mkono. "Kutakuwa kidogo au zaidi ya hivyo kidogo. Nitahesabu kwa sauti, na kila nikihesabu utatikisa vidole vya mguu. Halafu mdomo wako utakuwa mzito kama umevimba, lakini haujavimba, nitakupa kioo uutazame."

Tazama kilichosemwa na ambacho hakikusemwa. Hakusema haitauma. Hakusema pia "itauma sana, jikaze". Alitaja kiasi, akataja mahali, akataja itakavyokwisha.

Kuna wanaosema maneno kama "kulaza jino" na "maji ya usingizi" ni uongo mtamu. Mimi naona kipimo ni kile mwili wa mtoto utakachokuta. Jino lililolala halisikii, na kweli halitasikia. Huo ni mfano, na mtoto anaishi kwa mifano. "Mbu atakuuma" simpendi huyo mbu, kwa sababu hakuna mbu, na Kampala nzima mbu ana habari yake nyingine. Ila hata maneno mazuri yana mitego. Mtoto mmoja aliambiwa jino litalala, akauliza litazikwa lini. Babu yake alikuwa "amelala" mwezi uliopita. Tangu hapo Dokta huuliza mzazi kwanza.

Dawa ya kupaka ufizi, benzokeini, inataka ufizi mkavu na dakika moja mpaka mbili. Ukiwa na haraka ukaipaka kwenye mate na kuchoma baada ya sekunde 10, umempaka ladha ya ndizi tu. Nami siku ile ya yule mvulana hivyo ndivyo nilivyofanya, na sidhani ni bahati kwamba aliyekuwa tayari kusema uongo ndiye pia aliyekuwa na haraka. Ganzi yenyewe ni lignokeini ya asilimia 2. Kiwango cha juu tunachofuata ni miligramu 4.4 kwa kila kilo, yaani kama 70 kwa mtoto wa kilo 16. Chupa moja ya mililita 1.8 ina miligramu 36, kwa hiyo chupa mbili nzima zinavuka mpaka wake. Dokta alitumia chini ya moja. Na aliisukuma polepole, kiasi cha dakika nzima kwa mililita moja, kwa sababu maumivu mengi ya sindano hayatoki kwenye ncha bali kwenye dawa inayosukumwa kwa kasi ndani ya nyama.

Kadogo alitoa machozi akatikisa vidole. Hakuinua mkono. Dokta alipomaliza hakumwambia "mtoto mzuri". Alisema, "Umekiweka kichwa chako kimya mpaka nikahesabu ishirini." Mtoto akiambiwa ni mzuri anajua pia kwamba anayelia ni mbaya. Akiambiwa alichokifanya, anajua atakachofanya tena.

Tulipokuwa tunasubiri ganzi ishike, alinifundisha jambo ambalo naliona ndilo la haki kuliko yote. Ganzi huondoa ukali wa maumivu, lakini haiondoi hisia ya kusukumwa. Mtoto asiyejua hivyo, jino likianza kutikiswa, anadhani ameanza kuumizwa, na daktari anamkatalia: "Huumwi wewe!" Kwa hiyo mmoja ana hakika anahisi kitu na mwingine ana hakika hahisi, na wote wawili wanasema kweli. Dokta alibonyeza ukucha wa Kadogo kwa kidole gumba: "Huku ni kusukuma. Utakusikia, na utasikia sauti kama mtu anavunja muwa." Kisha akaufinya kidogo: "Haya ni makali. Haya hutakiwi kuyasikia. Ukiyasikia inua mkono, nitaongeza maji ya usingizi." Akaujaribu ufizi kwa ncha ya chombo pande zote. Katikati ya kazi Kadogo aliinua mkono. Dokta akasimama, akamwuliza, kusukuma au makali? Kadogo akafikiri, kweli alifikiri na koleo likiwa hewani, akasema: kusukuma. Akaushusha mkono mwenyewe.

Jino likatoka. Akalia, tena sana, alipoona damu kwenye kitambaa. Sitaki mtu asome hapa akadhani njia hii inaondoa machozi. Alipotulia alimwuliza Dokta, kwa mdomo mzito: "Ile ilikuwa sindano?" Dokta akamjibu: "Ndiyo."

Wakati wote wa kuchoma, Dokta alikuwa anahesabu na kumtikisisha vidole. Huko ni kumshughulisha, na swahiba wangu wa sheria alidhani amenikamata: kumshughulisha ni hila, na hila ni binamu wa uongo. Nimelifikiria. Naona tofauti inaonekana baadaye, si wakati ule. Ukimweleza mtoto yote uliyoyafanya, atajiona ameibiwa? Kadogo aliambiwa alichomwa sindano, akanyamaza kidogo, akaomba kioo atazame mdomo wake. Yule mvulana wangu hakuhitaji kuelezwa na mtu.

Swahiba alikuwa na swali jingine zito zaidi: na kama hakuna muda? Kweli, njia hii ina mipaka. Mtoto chini ya miaka 3 haelewi mlolongo wa maneno. Huyo analazwa, mzazi na daktari wamekaa wanatazamana magoti kwa magoti, kichwa cha mtoto kikiwa mapajani kwa daktari, naye atalia, na kilio chenyewe kinatufungulia mdomo. Ukweli hapo anaambiwa mzazi: atalia, itachukua dakika mbili. Na mtoto mwenye homa na uvimbe unaoshuka chini ya taya au kupanda kuelekea jicho, au anayeshindwa kumeza, haingojei juma lijalo, anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Ikibidi ashikwe atashikwa, kwa ridhaa ya mzazi. Lakini hata hapo unaweza kumwambia tutakushika, na sababu ni hii. Kushikwa na kudanganywa ni mambo mawili, na mtoto anaweza kusamehe la kwanza.

Vitabu vya zamani vilikuwa na njia nyingine. Mtoto akipiga kelele, daktari anaufunika mdomo wake kwa kiganja na kumwambia sikioni kwamba kiganja kitaondoka akinyamaza. Jumuiya ya Marekani ya madaktari wa meno ya watoto iliiondoa katika miongozo yake mwaka 2006. Nilimwambia swahiba wangu kwamba njia hiyo ilifaulu sana, watoto walinyamaza kweli. Basi kama kufaulu ndicho kipimo, aniambie kwa nini iliachwa. Mpaka leo bado tunabishana.

Kadogo alipangiwa kurudi kwa tundu la jino la juu kulia. Hilo halikuhitaji sindano wala mashine. Linasafishwa kwa vyombo vya mkono, uozo laini unachotwa kama kwa kijiko kidogo, kisha tundu linazibwa kwa dawa inayojigandia yenyewe. Njia hii ilianzia Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ajili ya watu walio mbali na umeme, na kwa mtoto mwoga haina mfano, maana sauti ya mashine haipo kabisa.

Kabla hawajaondoka Dokta alimwambia jaja amwangalie asile mpaka ganzi iishe, kama saa mbili au tatu, kwa sababu watoto hutafuna mdomo uliokufa ganzi wakaamka una kidonda. Kisha akamwomba, kwa upole na kwa heshima ya umri wake, safari ijayo asimwambie mandazi. Jaja alicheka. Alisema kwamba Dokta hajui kazi ya kumtoa mtoto huyu Kitintale.

Jumamosi ile alimwambia kweli. Walichelewa saa nzima. Kadogo alikuwa ametapika njiani, kwenye gauni lake na kwenye koti la mwenye boda, ambaye jaja ilibidi amlipe zaidi. Alikaa ngazini, hakutaka kupanda. Jaja alinitazama kama mtu aliyetapeliwa ushauri, na sikuwa na la kumjibu, kwa sababu kwa mandazi wangefika mapema, gauni likiwa safi. Nilishuka nikakaa naye ngazini. Chumba cha kusubiri kilikuwa na watu sita. Nikamwambia tutakachofanya: kioo, kuhesabu, kijiko kidogo, dawa ya kuziba. Akauliza kama kuna sindano. Nikasema hakuna. Akauliza tena, polepole, akinitazama usoni kama alivyonitazama siku ya kunijaribu kwa mkono. Nikasema hakuna.

Tulikaa dakika 40. Mwishowe alipanda, akaruhusu kioo na kuhesabu, alipoona kijiko akainua mkono wa kushoto. Nikakirudisha mezani. Jino hilo tulikuja kuliziba juma la pili yake.